Mtoto Hakukaa

"Mtoto hakukaa," alisema bibi, kisha akanyamaza. Kinasa sauti kiliendelea kunasa kuku, na kinu kilichokuwa kikitwangwa nyumba ya pili. Mimi sikuwapo pale. Nilikuwa mezani kwangu, siku nyingi baadaye, nikiandika kwa Kiingereza yale niliyoyasikia, ili madaktari wawili wayasome, kila mmoja peke yake, na kila mmoja aseme mtoto huyu alikufa kwa sababu gani. Nikaandika kwamba mtoto alizaliwa akiwa amekufa. Sikusita. Kiingereza kina neno moja tu, fupi na safi, la jambo hilo, na neno hilo lilinijia mkononi kabla sijaliita.

Kazi yenyewe ni hii. Watu wengi wa kwetu hufia nyumbani, wakazikwa bila daktari yeyote kuandika chanzo cha kifo. Kwa hiyo mtu hutumwa kwa wafiwa, akisubiri kwanza matanga yaanuliwe na mara nyingi hata arobaini ipite, awaulize marehemu aliugua vipi: homa ilianza lini, alikohoa, alivimba miguu, alitokwa na damu wapi. Kutokana na dalili hizo chanzo hukisiwa. Nchini Tanzania kazi ya namna hii ilifanyika kwa upana tangu 1992, katika maeneo ya Dar es Salaam, Hai na Morogoro, na leo madodoso mengi hufuata lile la Shirika la Afya Duniani, ambalo limeandikwa kwanza kwa Kiingereza. Maswali hutoka Kiingereza kwenda Kiswahili. Masimulizi hutoka Kiswahili kwenda Kiingereza. Katikati kuna mfasiri, na kila upande una namna yake ya kuufunika msiba kwa maneno.

Tuliangalie neno la bibi. Kukaa ni kuketi, ni kuishi mahali, ni kudumu. Mwanamke anayezaa na kufiwa, akazaa tena na kufiwa tena, husemwa kwamba watoto wake hawakai. Msemo huo hautaji kifo kabisa. Haumlaumu mama, haumlaumu mkunga, haumhukumu Mungu. Mtoto anakuwa kama mgeni aliyepiga hodi, akachungulia, akaona ana safari nyingine. Nami sijui msemo mwingine unaomhurumia mama kiasi hicho. Lakini tazama pia kile ambacho hausemi: hausemi lini. Mtoto aliyezaliwa bila pumzi hakukaa. Mtoto aliyepumua nusu saa hakukaa. Aliyefika siku ya saba akanyolewa nywele, akafa siku ya nane, naye hakukaa. Kiswahili kimeacha mlango wazi makusudi, kwa sababu aliye msibani hahitaji kuambiwa saa.

Daktari anaihitaji saa. Kwake, mtoto aliyefia tumboni mimba ikiwa imetimiza wiki 28 au zaidi anaingia kundi moja, na mtoto aliyezaliwa hai akafa kabla ya siku 28 anaingia kundi jingine kabisa, hata kama uhai wake ulikuwa wa dakika mbili. Vyanzo vyao hutafutwa kwa njia tofauti. Ndiyo maana dodoso linauliza: mtoto alilia? Alipumua? Alichezesha viungo? Jibu moja la ndiyo linamhamisha kutoka daftari hili kwenda lile.

Nilichofanya mimi, basi, ni kuufunga mlango ambao bibi aliuacha wazi. Sikupunguza maneno wala sikuongeza. Nilichukua neno la upole lenye maana pana nikaweka mahali pake neno la hospitali lenye maana nyembamba, tena nikajisifu moyoni kwamba nimeeleweka. Tafsiri ile ilisomeka vizuri mno. Hilo ndilo lililoniogopesha baadaye.

Dakika kumi hivi mbele katika sauti ileile, bibi alikuwa amehama, anasimulia mambo ya maziko, nani alichimba, nani alileta sanda. Mhojaji, kijana mwenye adabu, alikuwa amekwishamwambia "pole, bibi" mara tatu. Ndipo bibi akasema, kama anayekumbushwa na sanda: "Maana tulimsikia mara moja. Kwa hiyo alisaliwa."

Nilisimamisha sauti. Nikairudisha. Tulimsikia mara moja.

Kwa asiyekulia pwani maneno hayo yanaweza kupita. Waislamu wa pwani, wengi wao wafuasi wa madhehebu ya Shafi, wana sheria iliyo wazi juu ya jambo hili: mtoto aliyelia au kuonyesha dalili nyingine ya uhai baada ya kuzaliwa huoshwa, hukafiniwa, husaliwa na kuzikwa kama mtu mwingine yeyote. Asiyeonyesha dalili ya uhai hasaliwi. Kwa hiyo wanawake waliomo chumbani hutega masikio. Sauti ya mtoto, hata ikiwa moja, hata ikiwa ndogo kama ya paka, hukumbukwa miaka mingi, kwa sababu kuna jambo lilifanyika au halikufanyika kwa ajili yake. Bibi yule alikuwa amejibu swali la daktari kwa ukamilifu. Amelijibu kwa lugha ya maziko, wakati sisi tulikuwa tumelitegea kwa lugha ya uzazi.

Ninayaeleza haya kwa urefu kwa sababu ndipo nilipoelewa tafsida imebeba nini. Imebeba mizigo miwili kwa wakati mmoja. Mmoja ni heshima: namna msemaji anavyotaka kifo, ugonjwa au mwili utajwe mbele za watu. Wa pili ni habari: nini hasa kilitokea. Msikilizaji wa nyumbani huipokea yote miwili kwa mkono mmoja, kwa kuwa anaijua nyumba, anamjua mama, tena alikuwapo mazikoni. Msomaji wa lugha nyingine hana hayo. Ukimfasiria neno kwa neno, kwamba mtoto "hakuketi" au "hakubaki", heshima itafika imevunjika na habari haitafika. Ukimpa neno la kitabibu, habari itafika, pengine si yenyewe, na heshima utakuwa umeiacha njiani. Siku hizi naifungua mizigo hiyo nikaisafirisha kila mmoja kwa njia yake. Heshima naitafutia neno ambalo lugha ya pili hulitumia msibani. Habari naitafuta popote ilipo katika simulizi, na isipopatikana naiacha wazi kama ilivyoachwa, nikiandika pembeni kwamba msemo huu haubainishi kama mtoto alizaliwa hai. Maelezo hayo ya pembeni ni marefu na hayapendezi. Lakini daktari aliyeambiwa kwamba jambo haliko wazi anaweza kuomba mhojaji arudi kuuliza. Aliyepewa jibu la uongo haombi kitu.

Njia ya kutoka Kiingereza kuja kwetu ina mashimo yake. Kipo kijikaratasi ambacho wakunga wa Uingereza huwapa wazazi waliofiwa na mtoto tumboni, na wakati mwingine humo mtoto husemwa kwamba "alizaliwa amelala". Kwa Mwingereza ni maneno laini na hayamchanganyi, maana amekwisha kuyasikia mazikoni. Niliwahi kupewa karatasi kama hiyo niigeuze Kiswahili kwa ajili ya akina mama wa kutoka Kongo na Burundi waliohamia huko. Sasa fikiria mama aliyetoka leba, mwili unamuuma, bado hajamwona mtoto, anasoma kwamba mtoto wake alizaliwa amelala. Atauliza ataamka lini. Kwetu mtoto mchanga anayelala ni mtoto mwenye afya, na wageni humsifu kwa hilo. Kweli, kanisani tunasema fulani amelala katika Bwana, lakini ni lile "katika Bwana" linalofanya kazi. Ukiliondoa, amelala tu. Hata katika Injili ya Yohana, Yesu aliposema kwamba Lazaro amelala, wanafunzi wake walidhani atapona, mpaka alipolazimika kuwaambia waziwazi kwamba amekufa. Na hao walikuwa wa lugha moja, wametembea naye barabara moja.

Neno la pili linalotuumiza ni "kupoteza". Kiingereza humwambia mama kwamba amempoteza mtoto wake. Magazeti yetu yamelizoea neno hilo, watu "hupoteza maisha" ajalini kila siku, nami sipigani na magazeti. Lakini mbele ya mama mfiwa, kumwambia "umempoteza mtoto" ni kumpa kosa. Mtoto hupotea sokoni kwa sababu mama alimwachia mkono. Nimemsikia mama mmoja akijitetea baada ya mkalimani kumwambia hivyo kwa simu: "Mimi sikumpoteza, nilikuja hospitali mapema." Hakuna aliyekuwa amemlaumu, isipokuwa kitenzi. Kwake, "mtoto amefariki" lingekuwa jepesi zaidi, ingawa linataja kifo chenyewe. Wafasiri wengi huamini kwamba neno likizidi kuwa mbali na kifo linazidi kuwa la upole. Si hivyo. Kufariki, asili yake Kiarabu, ni kuachana, kutengana. Upole wake umekwisha kukubaliwa na kila mtu, na hauachi shaka yoyote. Nikiwa sina hakika, hilo ndilo neno langu.

Mshtuko nao una mlango wake, na mara nyingi huingia kupitia neno la kawaida kabisa. Madaktari huwagawa watoto waliofia tumboni mafungu mawili kwa kuangalia ngozi. Ikiwa ngozi ni nzima, hukisiwa kwamba mtoto alifariki karibu na uchungu au wakati wa uchungu, na swali linakuwa: je, msaada ulichelewa? Ikiwa ngozi imeanza kubanduka, alifariki mapema zaidi, pengine saa 12 au zaidi kabla ya kuzaliwa, na swali linarudi nyuma kwenye mimba yenyewe: shinikizo la damu, kaswende, sukari. Kipimo hiki si cha uhakika, hasa mwili ukikaa kwenye joto kabla ya kutazamwa, lakini nyumbani mara nyingi hakuna kingine. Hilo fungu la kwanza Kiingereza hulitaja kwa neno lilelile la samaki wa leo na maziwa ya leo. Nimeona rasimu ya Kiswahili iliyoandika "mtoto mfu mbichi". Aliyeiandika hakuwa na ubaya moyoni, alifungua kamusi. Lakini mbichi ni nyama, ni ndizi, ni kuni. Mama akisomewa hivyo na mhojaji, mazungumzo yamekwisha, na ana haki ya kuyamaliza.

Swali lenyewe katika Kiingereza linauliza kama mwili ulikuwa laini kupita kiasi, umebadilika rangi, ngozi inabanduka. Rasimu hiyohiyo ilifupisha yote kwa neno "umeoza". Tulilifanyia kazi swali hilo karibu asubuhi nzima, wanawake wawili wakunga na mimi. Mkunga mkubwa alikataa neno lolote linaloufanya mwili wa mtoto uwe kitu. Akasema, uliza ngozi, usiulize mwili. Mwishowe ikawa: "Mlipomwosha mtoto, ngozi yake ilikuwa nzima, au ilikuwa inachubuka?" Rangi ikaulizwa peke yake baadaye. Angalia alichofanya mama yule. Amelipeleka swali kwenye kuosha, tendo la heshima ambalo aliyelifanya hakulisahau, na ambalo lilimpa nafasi ya kuitazama ngozi. Akachagua "kuchubuka", neno la goti la mtoto aliyeanguka, badala ya neno la jalala. Habari anayoitaka daktari yote imo.

Mfano mwingine ni wa wanawake watu wazima, na huu ulinichekecha akili kwa namna yake. Dodoso likimhusu mwanamke wa umri wa kuzaa, huuliza kama alipofariki hedhi ilikuwa imechelewa, ili ijulikane kama huenda alikuwa mjamzito bila wengine kujua. "Hedhi" ni neno la darasani na la msikitini. Mbele ya baba mkwe anayejibu kwa niaba ya marehemu ni zito, hivyo mfasiri hukimbilia "siku zake", tafsida nzuri inayojulikana kote. Rasimu ikasema: "Je, siku zake zilikuwa zimepita?" Sasa msikilize mfiwa anavyoisikia. Mtu akifa, twasema siku yake ilikuwa imefika. Mjamzito akichelewa kujifungua, twasema siku zake zimepita. Na mwezi ukimkosa mwanamke, ni siku zake vilevile. Mzee mmoja, alipoulizwa swali hilo katika majaribio, alijibu kwa utulivu, "Ndiyo, mwanangu, siku zikifika hakuna wa kuzizuia." Mhojaji akaweka alama kwenye ndiyo. Kwa karatasi ile, marehemu alikuwa na mimba changa.

Dawa yake ilikuwa maneno mawili madogo, "za mwezi", na kubadili kitenzi: "Kabla hajafariki, alikuwa amekosa kuona siku zake za mwezi?" Tafsida imebaki, baba mkwe hakuaibishwa, na kifo hakina pa kuingilia. Tena tuliongeza maagizo kwa mhojaji kwamba swali hili, ikiwezekana, aulizwe dada au shoga wa marehemu. Tafsiri nzuri wakati mwingine ni kumbadilisha anayeulizwa.

Upotevu wa namna hii hauonekani kwa njia ya ukaguzi inayotegemewa zaidi, ile ya kumpa mtu mwingine Kiswahili akirudishe kwenye Kiingereza, kisha Kiingereza viwili vikalinganishwa. Mrudishaji ni msomi wa lugha zote mbili, tena amekwisha kulijua dodoso linataka nini. Mpe "alizaliwa amelala", atakurudishia maneno yaleyale ya Kiingereza, na karatasi mbili zitafanana kama pacha. Mpe "anaendesha", atakuandikia kuharisha, wala hatakumbuka kwamba mgeni wa lugha angeandika kwamba mgonjwa alikuwa dereva. Tafsida huvuka salama mikononi mwa anayeijua na huanguka mikononi mwa asiyeijua, na ukaguzi huo humtumia anayeijua. Mimi naamini zaidi kuketi na mama wa makamo ambaye hajaliona dodoso, kumsomea swali, kisha badala ya jibu kumwomba alisimulie: "Mama, kwa maneno yako, hapa unaulizwa nini?" Akisema "naulizwa kama mtoto alikuwa mtulivu", unajua. Watu watano au sita wasioliona dodoso, wanaume na wanawake, wa mjini na wa shamba, watakuonyesha karibu mashimo yote. Ukiweza, mtafute pia wa Kongo au Burundi kama karatasi itafika huko, maana upole hauna sura moja: neno linalopita bila kugusa mtu Unguja huweza kuwa geni Bujumbura.

Yapo pia majina ambayo sipendi kuyafungua kabisa. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera, na watu wa huko, kabla ya vifupisho vya serikali kuwafikia, waliuita ugonjwa ule Juliana, kwa jina la nguo iliyokuwa ikiletwa na wafanyabiashara wa mpakani. Mtu mzima wa Kagera akisema leo kwamba kaka yake "alichukuliwa na Juliana", ukiandika UKIMWI peke yake umepoteza mpaka, biashara, na hofu ya miaka ile ambayo haikuwa bado na jina. Ukiandika Juliana peke yake, daktari wa mbali atadhani ni mwanamke. Hapo naandika jina kama lilivyo, kisha maelezo mafupi katika sentensi hiyohiyo: jina ambalo watu wa Kagera waliuita ugonjwa ule ulipoanza. Na daktari aachiwe aamue, akitazama na dalili nyingine, kukonda, kuhara, kikohozi, kama kaka yule kweli alikufa kwa ugonjwa huo. Jina lilikuwa kubwa wakati ule, na lilifunika wengi wasiokuwa nao.

Siku ileile niliyosikia habari ya kusaliwa, nilirudi kwenye simulizi ya bibi. Nilifuta neno lile fupi na safi. Kwa Kiingereza niliandika sasa kwamba mtoto hakukaa nao, nikitumia maneno ambayo Mwingereza wa kijijini angeweza kuyasema kwa jirani, na pembeni nikaeleza kwamba msemo huu hautofautishi aliyezaliwa hai na asiyezaliwa hai. Ile sentensi ya baadaye niliiandika yote, pamoja na kusaliwa, na maelezo ya kwa nini kusaliwa kunaonyesha kwamba waliokuwapo walikubali kwamba alizaliwa hai. Mhojaji alirudi kijijini. Alimwamkia bibi, akamuuliza ile sauti ilisikika lini, na baada yake mtoto alipumua kwa muda gani. Bibi akasema walimsikia alipotoka tu, na walikuwa bado hawajamaliza kumwadhinia sikioni alipotulia.

Kwenye kisanduku cha umri, mahali nilipokuwa nimeweka kistari, dodoso sasa lina dakika.